Tusi halikuzaliwa kwenye mizigo

Wandugu wa kazi, kuko hadithi moja inatembea kwenye mine, na tumeisikia tena juzi. Msimamizi mmoja wa kigeni alitupia ekipe nzima tusi la Kiingereza: «shit». Wakati tulilalamika, akacheka. Eti ile si tusi, ni alama ya mizigo tu.

Akatuelezea. Eti katika miaka ya 1600 meli zilikuwa zinabeba mavi makavu ya ng'ombe kwa kutia mashambani. Maji yakaingia chini ya meli, mavi yakaloa, yakachacha, yakatoa gazi ya metani. Baharia akashuka na taa ya moto, meli ikalipuka. Njo wakaanza kuandika juu ya mizigo S.H.I.T., «Ship High In Transit», ni kusema: safarini iwekwe juu.

Hadithi hii inatuingia mbio sisi watu wa mine, kwa sababu kipande kimoja ni cha kweli: mavi yenye kuloa inatoaka metani, na metani inalipukaka. Lakini gazi ya kweli haitoshi kufanya hadithi ikuwe ya kweli.

Wataalamu wa lugha wanaanza na umri wa neno. Mbele ya mwaka 1100, Kiingereza cha zamani kilikuwa tayari na neno «scitte», maana yake kuhara, na ile «sc» ilisomwa «sh». Sasa meli ya miaka ya 1600 itazaa namna gani neno lenye kuipita kwa miaka zaidi ya 500?

Kisha wanatafuta ndugu za neno. Wajerumani wanasema «Scheiße», Waholanzi na Waflamand «schijten». Ni sawa na kwetu: Kiswahili mtu, Kiluba muntu, Kibemba umuntu. Lugha hizi ni watoto wa mama mmoja, na neno lilitoka kwa mama. Mjerumani hangelipata kwa herufi nne za Kiingereza.

Mwisho wanaomba karatasi. Kifupi cha kweli kinaachaka karatasi: Gécamines tunajua ni Générale des Carrières et des Mines, imeandikwa yote mbili. Ya ile alama ya meli, hakuna karatasi ya mizigo hata moja iliyoonekana. Tena, desturi ya kusoma herufi za kwanza kama neno ilienea karne ya 20, zaidi wakati wa vita vya dunia.

Kwa hiyo tunamujibu shefu: neno lako lilikuwa la mavi tangu mwanzo. Na hata kama lingeandikwa kwanza kwenye kasha, wewe hukulitupia kasha. Ulilitupia watu. Tunaomba ripoti iandike tusi kwa jina lake: tusi.