Mguu wa Pili Si Maendeleo

Historia ya dramu katika muziki wa roki husimuliwa kama ngazi. Chini yuko anayepiga pigo la pili na la nne, basi. Juu yuko anayekanyaga pedali mbili kama fundi cherehani mwenye haraka. Hadithi hii ni ya uongo.

Tuanze na tarehe. Earl Palmer alipoishikilia ngoma ndogo kwenye pigo la pili na la nne katika “The Fat Man” ya Fats Domino, ilikuwa 1949. Wakati huo Louie Bellson, mpigaji wa jazi, alikuwa ameshachora seti yenye ngoma mbili za mguu, tena tangu akiwa mwanafunzi wa shule. Hicho tunachokiita kilele kilikuwapo kabla roki haijapata jina.

Sasa tumsikilize John Bonham katika “Good Times Bad Times” ya Led Zeppelin, 1969. Ana pedali moja. Anagawa muda katika mafungu ya mapigo matatu ya haraka: la kwanza analiachia mkono, mawili yanayofuata anayapiga kwa mguu wa kulia. Wengi waliamini ana ngoma mbili. Walichosikia si wingi wa mapigo, bali nafasi ile ndogo ambamo mguu unanyamaza na kupumua.

Pedali ya pili huja na gharama. Katika mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, kila pigo likigawanywa mara nne, miguu inatoa sauti kama 13 kwa sekunde. Ngoma kubwa inayovuma haiwezi kumaliza mvumo wake katika muda huo. Sauti zinapandana na kuwa ngurumo isiyo na sura. Kwa hiyo huzibwa kwa mto au blanketi hadi ibaki “tak” kavu. Pia mguu wa kushoto unayahama matoazi mawili ya kupandana, yale ambayo kuyafungua kidogo tu hugeuza ladha ya wimbo. Umepata kasi, umeuza mvumo na pumzi.

Sisemi pedali mbili zivunjwe. Katika “Overkill” ya Motörhead, 1979, ngoma mbili za Phil Taylor ndizo zinazoubeba wimbo. Ziondoe, hakuna kinachobaki. Hicho ndicho kipimo. Kiondoe kile kijazio kirefu kinachozunguka ngoma zote kabla ya kiitikio: wimbo ukisimama bila kulegea, kilikuwa pambo.

Anayehesabu mapigo kwa sekunde anapima misuli. Muziki unapimwa pale mguu ulipoweza kupiga, ukaamua kutopiga.