Jina Lililokataliwa kwa Mdomo Halina Rufaa

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Tabora na baba wa mtoto mchanga, alinijia ofisini akiwa na tangazo la kizazi ambalo sehemu ya jina la mtoto ilikuwa tupu. Alikuwa amekwenda kumwandikisha binti yake kwa jina la Sikitu, ambalo ni jina la bibi yake mzaa baba. Karani aliyempokea aliweka kalamu chini na kumwambia, “Kaka, huyu ni binadamu. Mimi siwezi kumwandika kuwa si kitu. Nenda ukatafute jina.” Foleni ilikuwa ndefu, naye akatoka.

Aliniuliza maswali mawili. Je, ni sheria gani inayokataza jina hilo? Na je, akikataa uamuzi huo, akate rufaa wapi? Swali la kwanza lilikuwa jepesi. La pili ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa sababu kijana huyu hakuwa na uamuzi wowote mkononi wa kuukatia rufaa.

Nianze na jina lenyewe. Mama yake bibi huyo alikuwa amezika watoto kabla ya kumzaa yeye. Alipozaliwa akaitwa Sikitu ili kifo kikipita kisione kitu cha kuchukua. Aliishi, akazaa, akazeeka, na mjukuu wake akataka jina lililomlinda bibi limfuate kitukuu. Watu wa Unyamwezi, kama wenzao wa pwani, wana akiba kubwa ya majina ya namna hii: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko. Asiyeijua historia ya jina husikia tusi, ilhali waliolitoa walikusudia kinga.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1920, inashughulika zaidi na tukio la kuzaliwa: nani atoe taarifa, kwa nani, na ndani ya muda gani, ambao ni siku 90. Haina orodha ya majina yaliyopigwa marufuku, wala haitoi kipimo cha jina la kukera. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, inakataza mtu kumnyima haki hiyo, na inamwekea mzazi wajibu wa kuandikisha kizazi. Kwa hiyo karani anapokataa jina, kwa kawaida hukataa kwa busara yake mwenyewe. Busara ni jambo jema, lakini haina kifungu ambacho mzazi anaweza kukisoma.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kuiga nchi zenye vipimo vilivyoandikwa. Nyuzilandi, kwa mfano, ilitunga sheria mwaka 1995 iliyomruhusu msajili kukataa jina linalokera, lililo refu kupita kiasi, au linalofanana na cheo pasipo sababu ya kutosha. Huko majina yenye maana ya Mfalme na Haki yamekataliwa mara nyingi, la pili kwa kuwa kwa Kiingereza ndilo pia cheo cha jaji. Hebu tuvilete vipimo hivyo hapa Tabora tuone vitafanya nini.

Kipimo cha kukera kitaanza na mtu mashuhuri kuliko wote katika historia ya mkoa huu. Mtemi Mtyela Kasanda wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, anajulikana duniani kwa jina la vita: Mirambo, maana yake maiti. Leo kuna kambi ya jeshi yenye jina hilo Tabora, kuna mtaa wenye jina hilo katikati ya Dar es Salaam, na sekondari kongwe ya Tabora inaliandika kwa matamshi ya wenyeji, Milambo. Mzazi anayemwita mwanawe Mirambo leo hamwiti maiti. Anataja historia.

Kipimo cha kupotosha, yaani jina linaloweza kudhaniwa kuwa cheo, kitawafuta akina Sultani, Waziri, Diwani na Jumbe, majina ambayo utayasikia msikitini, sokoni na darasani bila yeyote kudhani kwamba mwenye jina anadai madaraka. Nacho kipimo cha tarakimu kitahitaji uangalifu zaidi, maana Mosi, Pili na Tatu ni majina ya heshima yanayotaja mfuatano wa kuzaliwa. Tofauti ninayoikubali ni kati ya neno la hesabu na alama ya hesabu. Tatu ni jina kwa sababu mtu huitwa na kuitika. Alama ya 3 haina matamshi yake yenyewe: Mswahili ataisoma kwa namna yake, Mfaransa kwa yake, na mtoto atakuwa na majina mengi kwa alama moja. Hapo msajili ana hoja, na hoja hiyo inaandikika kwa sentensi moja.

Kuna mfano ulio karibu nasi kuliko Nyuzilandi. Njia ya misafara ya zamani ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Umanyema. Wazao wa Wamanyema bado wapo Ujiji na Tabora, na wengi wana ndugu ng'ambo ya ziwa. Mtoto wa ukoo mmoja akizaliwa ng'ambo ile, jina lake linaingia chini ya sheria nyingine. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, kifungu cha 58, inataka majina yatokane na urithi wa utamaduni wa nchi, yasiwe kinyume cha maadili, wala yasiwe ya matusi, ya kudhalilisha au ya uchokozi. Kifungu cha 64 kinaipa mahakama ya amani ya mahali anapoishi mwombaji mamlaka ya kuruhusu jina libadilishwe kwa sababu ya haki.

Siisifu sheria hiyo. Sharti la urithi wa utamaduni lilizaliwa na siasa za Mobutu, ambaye mwaka 1972 aliwalazimisha watu wake waache majina ya Kikristo. Dola inayochagua utamaduni wa jina lako inaweza kesho kuchagua mengine. Hata hivyo, mzazi wa Kongo ana kitu ambacho mwanafunzi wangu hakuwa nacho: maneno ya sheria anayoweza kuyapinga, na mahakama iliyotajwa.

Wala sisi wa njia hii hatuwezi kusema kuandikiwa jina ni jambo dogo. Watu waliouzwa kwenye misafara walipoteza majina yao kwanza, wakapewa mengine na mabwana zao: Mabruki, Feruzi, Baraka. Mengi yalikuwa mazuri masikioni, lakini si wao waliochagua. Uzuri wa jina haukumrudishia mtu sauti yake.

Basi mzazi afanye nini? Hatua ya kwanza, na ndiyo inayopuuzwa, ni kuugeuza uamuzi wa mdomo kuwa karatasi. Omba sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Usipopewa, andika barua mwenyewe kwa Msajili wa Wilaya, ambaye shughuli zake hufanyika katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Taja tarehe uliyofika, jina uliloomba, maneno uliyoambiwa, maana ya jina na nani katika ukoo analo. Ambatisha nakala ya tangazo la kizazi, na ukiweza, nakala ya kitambulisho cha ndugu mwenye jina hilo. Peleka nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio mwanzo wa rufaa.

Hatua ya pili ni Msajili Mkuu wa Vizazi na Vifo, chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mwombe atoe maelekezo au uamuzi wenye sababu. Sambamba na hilo unaweza kulalamika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora bila malipo, ingawa Tume hupendekeza tu na haitoi amri kama mahakama.

Hatua ya tatu ni Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Tabora, hivyo huna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam. Hapo huombi jaji achague jina. Unaomba mapitio ya uamuzi wa kiutawala: je, msajili alikuwa na mamlaka aliyoyatumia, alikusikiliza, alitoa sababu? Kwanza huombwa kibali, na maombi ya kibali lazima yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu uamuzi utolewe. Hapa ndipo ukosefu wa karatasi humwangusha mzazi, kwani mahakama itauliza uamuzi ni upi, ulitolewa lini, na kama ulimaliza kwanza njia za kiutawala. Msingi wa kikatiba upo: ibara ya 13(6)(a) inatambua haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa mahakama au wa chombo kingine kinachohusika.

Wakati hayo yakiendelea, usimwache mtoto bila usajili. Kizazi kinaweza kuandikishwa kabla ya jina kupatikana, na sheria inatoa nafasi ya miaka miwili tangu usajili ya kuingiza au kubadili jina. Ukichelewa zaidi, utalazimika kufuata njia ya hati ya kubadili jina, yenye gharama na usumbufu zaidi.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo. Sitaki mkubali kila jina. Lipo jina ambalo kwa lugha ya familia yenyewe ni tusi tupu, na hilo mtoto anastahili kulindwa nalo. Lakini kabla ya kukataa, muulizeni mzazi maana ya jina kwa lugha yake na kama kuna mtu aliyeishi nalo. Mkikataa, andikeni sababu kwenye fomu, weka tarehe, na mtaje ngazi inayofuata. Hilo linaweza kuanza kwa waraka wa ndani, hata kabla ya Bunge kugusa sheria.

Mwanafunzi wangu aliandika barua. Wiki chache baadaye aliitwa kwa simu, akaenda, na jina la Sikitu likaandikwa. Alifurahi, nami nilifurahi pamoja naye. Lakini hakujibiwa kwa maandishi, na hakuna jalada lolote linaloonyesha kwamba jina hilo liliwahi kukataliwa kisha likakubaliwa. Mzazi atakayefuata na jina la Sikitu ataanzia palepale alipoanzia yeye, mbele ya karani, foleni ndefu nyuma yake.