Kesi ikishaamuliwa, hurudi nayo kwa mlango mwingine

Kuna swali linalorudi kila mara kwa vijana wetu wa Machakos: "Tulishindwa kesi, si tufungue nyingine?" Na kuna la pili, ambalo hulisemi kwa sauti: "Mahakama ya Juu si ilishakataa hijabu, sasa tutalalamika wapi?" Majibu yote mawili yako kwenye sheria moja.

Tuanze na mfano wa kubuni, lakini mambo kama haya unayajua. Ndugu wawili wanagombania nyumba ya marehemu baba yao mjini Machakos. Mkubwa anashtaki, anasema baba alimuuzia. Mashahidi wanasikizwa, hakimu anaandika: hakukuwa na mauzo. Kesi inatupwa. Miaka mitano baadaye huyo mkubwa anarudi. Sasa ameongeza jina la mkewe, anadai haki yake ya kikatiba ya kumiliki mali imevunjwa, tena anataka fidia. Karatasi ni mpya, nyumba ni ile ile.

Hapo ndipo kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinapomsimamisha. Mawakili wanaiita res judikata. Mahakama haitasikiza tena jambo ambalo lilikuwa kiini cha kesi ya kwanza, baina ya watu wale wale au wanaodai kupitia kwao, likasikizwa na kuamuliwa kabisa na mahakama yenye uwezo. Mke anayedai kupitia kwa mumewe hawi mtu mpya. Na zile hoja za katiba? Sheria inasema hoja uliyoweza na uliyopaswa kuileta mara ya kwanza inahesabika kama uliileta. Wengine walidhani petisheni ya kikatiba inaruka ukuta huu, lakini mwaka 2021, katika kesi ya John Florence Maritime, Mahakama ya Juu ilisema hata petisheni inafungwa, isipokuwa kwa nadra sana.

Sasa tuseme jamaa anakuwa mjanja zaidi. Haombi nyumba, anawashtaki wapangaji akidai kodi "kwa sababu niliinunua." Dai ni jingine, lakini limesimama juu ya swali lile lile: alinunua au hakununua? Ndugu yake akiwa upande wa pili, hawezi kulikana jibu alilopewa. Hiyo ndiyo estopo. Mlango wake halali ulikuwa rufaa, na kutoka kwa hakimu una siku 30 tu. Akipata ushahidi mpya ambao hakuweza kuupata wakati ule hata kwa bidii, anaomba hukumu ipitiwe upya, katika mahakama ile ile iliyoitoa. Kesi mpya sio njia.

Lakini soma tena maneno yale: likasikizwa na kuamuliwa. Hapa ndipo tunapojifunga wenyewe bure. Kule Isiolo, Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule ya St. Paul's Kiwanjani, lilikwenda mahakamani kuzuia wanafunzi kuvaa hijabu. Mzazi, Mohamed Fugicha, aliingia kama mhusika mwenye maslahi, naye akaweka petisheni yake ya kujibu. Mahakama Kuu ikalipa kanisa ushindi mwaka 2015. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza, ikasema ule ni ubaguzi. Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wengi, ikaifuta hukumu hiyo ya rufaa.

Kwa nini? Ilisema petisheni ya Fugicha haikuletwa kwa njia inayofaa, kwa hivyo haikupaswa kuamuliwa. Swali lenyewe, kama shule ikikataza hijabu inabagua, majaji walio wengi hawakulijibu. Walisema hata anayetaka kulifuata alipeleke rasmi Mahakama Kuu. Mshawahi kuona watu wakisambaza "Supreme Court imepiga marufuku hijabu"? Wamesoma mstari wa mwisho tu: rufaa imekubaliwa.

Kwa hivyo mzazi wa Machakos, ambaye hata hakuwa kwenye kesi ile, hafungwi na res judikata. Anaweza kwenda Mahakama Kuu ya hapa hapa Machakos na petisheni yake mwenyewe. Kama majaji wangelijibu swali, jibu lingemfunga kwa njia nyingine, maana kifungu cha 163(7) cha katiba kinazilazimisha mahakama nyingine zote kufuata uamuzi wa Mahakama ya Juu. Hawakulijibu.

Ukipewa hukumu mkononi, basi, usiruke moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho. Tafuta mahali jaji anapoorodhesha maswali ya kuamuliwa, halafu angalia lipi kalijibu kwa ushahidi na lipi kaliacha kwa sababu karatasi zililetwa vibaya. Ukishindwa, mpelekee wakili hukumu nzima. Picha ya ukurasa mmoja kwenye WhatsApp haimsaidii.