Kama una wikendi pekee, lipia gemu inayohesabu wiki

Kuna swali ambalo watu wengi wanaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa hujiuliza kabla ya kulipia gemu ya mtandaoni ya wachezaji wengi: nikipata Jumamosi na Jumapili tu, si nitaachwa nyuma? Wengine hulijibu kwa kutoa pesa. Wananunua mwezi wa malipo, halafu kifurushi cha kuharakisha, halafu mtu kwenye kikundi cha Telegram anawaambia ana akaunti "iliyokomaa" ya kuuza. Mwezi ukiisha, pesa imetoka kwenye simu na bado wanahisi wako nyuma.

Maoni yangu ni kwamba hilo swali linaulizwa vibaya. Kabla ya kuuliza una saa ngapi, uliza gemu yenyewe inahesabu muda kwa namna gani. Zipo zinazohesabu kwa siku, na zipo zinazohesabu kwa wiki. Mtu wa wikendi akilipia ya kwanza bila kujua, sehemu ya pesa yake inamwagika katikati ya wiki akiwa kazini. Akilipia ya pili, yeye na jirani anayecheza kila usiku wanaweza kufika Jumapili wakiwa karibu sawa.

Gemu ya wiki: Final Fantasy XIV

Tuanze na Final Fantasy XIV, inayochezwa kwenye kompyuta, PlayStation au Xbox. Ukishafika kiwango cha juu kabisa, mavazi na silaha nzuri hununuliwa kwa tokeni ambazo kwenye skrini zinaitwa tomestones. Kuna aina kadhaa, lakini ile mpya kabisa, inayonunua mavazi bora, ina kikomo: tokeni 450 kwa wiki. Ukifika hapo, hata ukicheza mpaka alfajiri hupati nyingine. Hesabu huanza upya kila Jumanne, ambayo kwa saa za Nairobi ni saa tano asubuhi.

Sasa chukua vazi la kifuani. Kwa muda mrefu bei yake imekuwa tokeni 825. Jirani yako anayecheza kila usiku anakusanya 450 wiki ya kwanza na 450 ya pili, anakuwa na 900, ananunua. Wewe unacheza Jumamosi na Jumapili. Ukitumia hizo siku mbili vizuri unamaliza 450 zako, wikendi inayofuata unamaliza nyingine, na wewe pia unanunua. Yeye ametumia usiku kumi na nne, wewe siku nne. Vazi ni lile lile, na mmelipata ndani ya wiki zile zile mbili.

Ukikosa wikendi moja kwa sababu ya harusi au kazi ya mwisho wa mwezi, zile 450 za wiki hiyo zimepotea, hazirudi. Lakini kila baada ya miezi kadhaa huja sasisho kubwa lenye tokeni mpya, na zile zilizokuwa na kikomo huondolewa kikomo. Hapo aliyechelewa anakusanya kadiri anavyotaka na kupunguza pengo. Ndiyo maana nasema pengo kwenye gemu ya aina hii lina mwisho. Linakua kwa muda, halafu waundaji wenyewe wanalipunguza, kwa sababu wanataka wateja waliopotea warudi.

Pale utakapobaki nyuma kweli ni kwenye mapambano magumu kabisa ya kikundi cha watu wanane. Vikundi hivyo hukutana kwa ratiba, mara nyingi usiku wa katikati ya wiki, na hufanya mazoezi ya pambano moja kwa saa nyingi. Hakuna pesa ya kununua hiyo nafasi. Ama utafute kikundi kinachokutana Jumamosi, ama ukubali kwamba hiyo si sehemu yako ya gemu.

Gemu ya siku: Albion Online

Albion Online inavutia wengi hapa kwa sababu inachezwa kwenye simu, na akaunti hiyo hiyo inafunguka kwenye kompyuta. Kuicheza ni bure, ila kuna hali ya kulipia inayoitwa Premium. Moja ya faida zake ni kitu kinachoitwa Focus, ambacho hutumika unapotengeneza vitu. Ukichakata malighafi kwenye mji mkuu usio na bonasi ya malighafi hiyo, bila Focus hurudishiwa takriban asilimia 15 ya ulichotumia. Ukitumia Focus, inapanda hadi karibu asilimia 43. Kwa anayefanya biashara ndani ya gemu, hapo ndipo faida ilipo.

Premium hukupa Focus 10,000 kwa siku, hata ukiwa umezima simu. Shida ni kwamba ghala lake linabeba 30,000 tu. Tuseme Jumapili usiku umetumia yote, umebaki na sifuri. Jumatatu usiku una 10,000, Jumanne 20,000, Jumatano 30,000. Ghala limejaa. Alhamisi hakuna kinachoongezeka, Ijumaa hakuna, na Jumamosi mchana kutwa hakuna mpaka uingie jioni uanze kutumia. Jumamosi jioni unatumia 30,000, Jumapili jioni unatumia nyingine 10,000. Jumla ni 40,000, kati ya 70,000 ulizolipia wiki hiyo. Yaani 30,000 zimemwagika, na hukuona ujumbe wowote wa kukuambia hivyo.

Mtu wa wikendi anayecheza Albion na kuona hasongi mbele kama wenzake huwa anadhani dawa ni kununua zaidi. Wakati mwingine dawa ni robo saa ya Jumatano usiku. Kama malighafi uliziacha tayari kwenye benki ya mji tangu Jumapili, unaweza kuingia kwa simu ukiwa nyumbani, utumie zile 30,000 na utoke. Jumamosi jioni ghala limejaa tena, Jumapili una 10,000 zako, na jumla imefika 70,000. Kama hata hiyo robo saa huna, basi jua kwamba kwa upande wa Focus unalipia wiki nzima na kutumia siku nne.

Si kila kitu cha Premium kinamwagika hivyo. Kuna pointi za kujifunzia, Learning Points, 20 kwa siku, ambazo hujikusanya zikikusubiri. Kwa hiyo usiikatae Premium yote. Angalia tu ni faida gani unaitaka, na kama ina ghala dogo au kubwa.

Watu watakuambia kwamba Premium inaweza kulipwa kwa fedha ya ndani ya gemu. Ni kweli. Lakini mwenye saa nane kwa wikendi anaweza kumaliza nyingi za hizo saa akitafuta fedha ya kulipia Premium, halafu hana muda wa kuifaidi. Hiyo ni kazi ya pili isiyo na mshahara.

Gawa bei kwa saa, si kwa mwezi

Turudi kwenye Final Fantasy XIV, kwa sababu bei yake ni rahisi kuhesabu. Kifurushi chake cha chini cha kila mwezi ni dola 12.99. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 130, hiyo ni kama shilingi 1,690, kabla ya gharama ya kubadilisha sarafu. Ukicheza saa nane kila wikendi, mwezi una saa 32, kwa hiyo kila saa inakugharimu kama shilingi 53. Si mbaya. Lakini mwezi ambao umepata wikendi moja tu, saa moja imekugharimu shilingi 211. Bei haikupanda, ni muda wako uliopungua.

Ndiyo sababu sipendi malipo yanayojirudia yenyewe kwa mtu wa ratiba ya namna hii. Lipia mwezi, zima kujirudia siku hiyo hiyo, halafu uamue upya mwezi ukiisha. Na kumbuka, kufuta programu kwenye simu hakusimamishi usajili uliolipia kupitia Google Play. Lazima uingie sehemu ya usajili uusitishe mwenyewe, la sivyo makato yanaendelea na gemu haipo hata kwenye simu.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita kwa haraka yao ya kufikia wenzao. Final Fantasy XIV ina jaribio la bure lisilo na kikomo cha muda, linalofika kiwango cha 70 pamoja na nyongeza zake mbili za mwanzo. Kuna vizuizi: huwezi kutumia soko la wachezaji, na fedha yako ya ndani haizidi 300,000. Lakini ukihesabu saa 200 tu za kucheza humo, kwa mtu wa saa nane hizo ni wikendi 25. Ni karibu miezi sita bila kulipa ada, ambayo ingefika zaidi ya shilingi 10,000. Na ukishalipia, akaunti hiyo hairudi tena kwenye jaribio. Anayekimbilia kulipa wiki ya kwanza ili asiachwe nyuma anajifungia mlango huo.

Njia ya mkato inayouzwa pembeni

Hofu ya kuachwa nyuma ndiyo inayowapa riziki wauzaji wa pembeni. Mmoja anakuuzia dhahabu ya gemu, mwingine akaunti, mwingine anataka neno lako la siri "akuchezee" ukiwa kazini. Gemu zote mbili nilizotaja zinakataza biashara hiyo, na adhabu inaweza kuwa kufungiwa akaunti. Kwa akaunti ya kununua kuna hatari nyingine: aliyeifungua anaweza kuirudisha kwake kwa barua pepe ya mwanzo au risiti za zamani, hata miezi baadaye.

Ukimtumia mtu kama huyo pesa kwa simu, kuirudisha si rahisi. Unaweza kuomba muamala urudishwe, lakini akishaitoa kwa wakala, nafasi ya kuipata ni ndogo sana. Kwa hiyo lipa ndani ya gemu yenyewe, kwenye duka rasmi la programu au kwenye tovuti ya kampuni iliyoiunda. Anayekuuliza PIN yako ili "akamilishe" malipo ni mwizi, hata kama bei yake ni nzuri.

Kabla hujabonyeza kulipa, tafuta majibu ya maswali mawili kwenye maelezo ya gemu: kikomo chake ni cha siku au cha wiki, na kisichotumika hubaki au humwagika? Ukikuta kila siku unayokosa inakupotezea kitu ambacho hakitarudi, pesa yako ya wikendi itafute gemu nyingine.