Sensa si feki, programu yako ndiyo feki

Leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye kiwanda kimoja cha chai. Kwenye ukumbi wa kunyaushia majani kuna sensa 14 za joto na unyevu, zote zimeunganishwa kwenye jozi moja ya waya uliosokotwa, urefu kama mita 180. Zinazungumza Modbus juu ya RS-485, kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde. Sensa mbili ziliharibika zikabadilishwa. Zile mpya hazikujibu. Zikanunuliwa nyingine, nazo kimya. Nilipofika, mzee wa umeme akanivutia sanduku lenye sensa sita. "Kijana wa kompyuta, tazama. Zote feki."

Nilizipima zote sita mezani. Hata moja haikuwa mbovu. Aliyekuwa mbovu ni mwenzetu, programa, aliyeandika hivi:

```
digitalWrite(DE, HIGH);
Serial1.write(ombi, 8);
delay(20);
digitalWrite(DE, LOW);
```

Kwa wasioijua RS-485: ni kama zile redio za mkononi za askari. Wote mko kwenye laini moja, na anayeongea ni mmoja tu. Bonyeza uongee, achia usikie. Kitufe hicho kwenye chipu kinaitwa DE, na ndiyo pini ya mwelekeo. Ikiwa juu unatuma. Ikiwa chini unaiachia laini ili mwingine ajibu. Kwenye saketi nyingi DE imeunganishwa pamoja na RE, kwa hiyo ukiwa unatuma husikii chochote.

Sasa tupige hesabu. Herufi moja ya Modbus ina biti 11, na kwa mwendo wa 9600 inachukua kama milisekunde 1.15. Ombi la baiti 8 linaisha baada ya milisekunde 9.2. Lakini `Serial1.write` haingoji. Inatupa baiti kwenye bafa na kurudi papo hapo. Kwa hiyo ile `delay(20)` inaanza kuhesabu ombi likiwa ndiyo kwanza linaanza kutoka, na kitufe kinaachiwa kwenye milisekunde ya 20, karibu milisekunde 11 baada ya biti ya mwisho.

Sensa za zamani zilikuwa nzito, zikijibu kama milisekunde 30 baada ya kuulizwa. Hakuna aliyeliona kosa. Zile mpya ni nyepesi, zinajibu baada ya milisekunde 5. Jibu la baiti 9 linaanza kwenye milisekunde ya 14 na kuisha karibu na ya 24 na nusu. Mpaka ya 20 bosi wa laini bado amebonyeza kitufe: hasikii, na tena anamsukuma mwenzake anayejaribu kusema. Anaambulia baiti tatu au nne za mkiani. CRC haikubali, na programu inaandika "sensa haijibu". Sensa sita zikatupwa sandukuni kwa kosa la kujibu haraka!

Najua kuna atakayesema apunguze iwe `delay(10)`. Ndugu yangu, hiyo ni kubahatisha. Kesho ombi litakuwa na baiti nyingi zaidi, au mwendo utabadilishwa, na utakata mkia wa ombi lako mwenyewe. Mwingine atasema ajaribu tena mara tatu. Sensa itajibu baada ya milisekunde 5 mara zote tatu. Utakosa mara tatu badala ya moja.

Dawa ni kuiuliza mashine yenyewe kama imemaliza:

```
Serial1.write(ombi, 8);
Serial1.flush();
digitalWrite(DE, LOW);
```

Kwenye Arduino za sasa, `flush()` inangoja mpaka biti ya mwisho itoke kwenye waya. Kabla ya Arduino 1.0 ya mwaka 2011 ilikuwa inafuta data iliyoingia, kwa hiyo msinakili mifano ya kale bila kuisoma. Kama unaandika rejista moja kwa moja, usichanganye alama mbili: kwenye AVR, `UDRE` inasema tu kwamba kuna nafasi ya baiti nyingine, wakati herufi ya mwisho bado inatoka. Unayoitaka ni `TXC`. Kwenye STM32 ni `TC`, si `TXE`. Ukikosea hapo, herufi ya mwisho inakatwa katikati.

Nilibadilisha huo mstari mmoja na sensa mpya zikaanza kujibu. Lakini si kila mara. Mara nyingine jibu lilikuja na baiti ya ziada mbele, `00` au `FF`, ambayo hakuna aliyeituma. Na hapa lawama inawageukia wenzetu wa waya.

Kila sensa ilikuwa na swichi ndogo ya kuwasha rezista ya omu 120 kati ya A na B. Mtu alisikia RS-485 inahitaji omu 120, akaziwasha zote 14, pamoja na ya bosi. Jamani! Rezista hiyo ni ya ncha mbili za waya tu, kuzuia mwangwi wa mawimbi yanapofika mwisho. Mbili zinatoa omu 60, na chipu imetengenezwa kusukuma mzigo wa namna hiyo. Nilizima umeme, nikapima kati ya A na B pale kwa bosi: omu 15. Kwa waya huo, ukihesabu na ukinzani wake wenyewe, ilipaswa kuwa kati ya 60 na 70.

Baiti ya ziada inatoka wapi? Kati ya ombi na jibu kuna muda ambao hakuna anayesukuma laini. Rezista zinazivuta A na B kuwa sawa, tofauti sifuri. Chipu kama MAX485 inahakikisha jibu lake tofauti ikizidi milivolti 200 tu. Chini ya hapo inaweza kusema lolote, na kelele kidogo ya mota ya feni inaonekana kama mwanzo wa herufi.

Dawa ni rezista mbili za kuegemeza laini, mahali pamoja tu, kwa bosi: moja kutoka volti 5 kwenda A, nyingine kutoka B kwenda ardhini. Kwa omu 560 kila moja na omu 60 katikati:

```
5 V x 60 / (560 + 60 + 560) = 0.254 V
```

Imevuka milivolti 200. Sasa weka 15 mahali pa 60: unapata milivolti 66. Kwa hiyo ukiacha zile swichi zote zimewashwa, hata ukiegemeza laini unapoteza pesa ya rezista. Tulizima swichi 13, tukaacha mbili za nchani, tukaweka rezista za 560. Baiti za ajabu zikaisha.

Kwa hiyo, programa mwenzangu, kabla hujaandika "sensa haijibu" kwenye skrini ya mtu, chapisha baiti ulizopokea. Mkia wa jibu bila kichwa maana yake umechelewa kuachia DE. Jibu zima lenye baiti ya ziada mbele maana yake laini haijaegemezwa. Mita ya kawaida itamaliza ubishi uliobaki: laini ikiwa imetulia, kati ya A na B iwe zaidi ya volti 0.2.

Yule mzee alizirudisha sensa nne stoo kama akiba. Akaniuliza nani atalipia zile alizonunua bure. Sikuwa na jibu. Je, wewe unalo?