Pesa za chama kuzaa maradufu: uliza kwanza ada, kodi na bei za sokoni

Tangu Agosti 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipoanza kushusha riba yake ya msingi kutoka asilimia 13, faida za mifuko ya soko la fedha nazo zimekuwa zikiteremka. Mawakala wanaotafuta wateja wamebaki kushindana kwa tarakimu. Mmoja wao alifika kwenye chama cha mama yangu mdogo hapa Mji wa Kale, Mombasa. Chama kina shilingi 300,000. Wakala akawaambia, "Tunatoa asilimia 12, pesa zenu zitakuwa 600,000 kwa miaka sita."

Mama mdogo akanipigia simu: "Mwanangu, ni kweli haya?"

Hesabu ya miaka sita ni kweli. Ni kanuni ya 72: chukua 72, gawanya kwa faida ya mwaka, utapata takriban miaka ya pesa kuongezeka maradufu, mradi faida isitolewe. 72 kwa 12 ni 6. Lakini je, ile 12 itafika mkononi mwa kina mama?

Nilikwenda tukakaa na karatasi ya wakala. Kwa maandishi madogo iliandikwa kwamba asilimia 12 ni kabla ya ada ya usimamizi, nayo ada ni asilimia 2 kwa mwaka. Wengi huiona ndogo. Wanasahau kuwa inakatwa kwenye pesa zote, si kwenye faida pekee. Faida ya mwaka wa kwanza ni 36,000, na ada ni 6,000. Tayari sehemu moja kati ya sita ya faida imekwenda.

Zimebaki 30,000. Serikali nayo inakata kodi ya zuio, asilimia 15 ya faida hiyo, yaani 4,500. Zinabaki 25,500, sawa na asilimia 8.5. Gawanya 72 kwa 8.5: si miaka sita tena, ni minane na nusu.

Bado kuna bei za sokoni. Tuseme mfumuko wa bei ni asilimia 5, ambayo ndiyo katikati ya lengo la Serikali. Bidhaa za 300,000 leo zitauzwa 315,000 mwakani. Kwa hiyo 15,000 katika ile faida ni za kuwaweka kina mama palepale walipokuwa. Nyongeza halisi ni 10,500, na ukiilinganisha na 315,000 ni kama asilimia 3.3. Sasa 72 kwa 3.3 ni karibu miaka 22. Hiyo ndiyo miaka ya chama kuweza kununua vitu mara mbili ya inavyonunua leo.

Tukampigia wakala wa mfuko mwingine, naye pia akataja asilimia 12, lakini yake ni baada ya ada. Ukitoa kodi inabaki 10.2, na ukiondoa mfumuko wa bei inabaki karibu 5. Miaka 22 imeshuka hadi 14 na ushei. Tarakimu ya tangazo ni ileile, tofauti ni swali moja tu: "Ada imeshatolewa au bado?" Wasiogusa riba wanaweza kuuliza hivyohivyo kuhusu faida ya mfuko unaofuata sharia.

Mfumuko wa bei nao haukai pamoja. Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6. Kwa bei hizo, 325,500 za chama zisingetosha kununua vya 300,000 vya mwaka uliotangulia, maana vingegharimu 328,800. Oktoba 2024 ulikuwa asilimia 2.7, na faida ileile ingewaacha mbele kwa 17,400. Ndiyo maana kushuka kwa riba peke yake si hasara. Tazama na takwimu ya bei inayotolewa kila mwisho wa mwezi.

Kanuni hii pia inafichua matapeli. Anayeahidi kuzidisha pesa maradufu kwa miezi sita anaahidi asilimia 12 kila mwezi. Muulize ni biashara gani inayolipa hivyo. Kwa viwango vikubwa sana, kama asilimia 50 kwa mwaka, kanuni yenyewe hukosea na kukuonyesha muda mfupi kuliko ulivyo.

Kina mama wamechagua mfuko wa pili. Kwenye kibubu, kwa mfumuko wa asilimia 5, thamani ya pesa zao ingebaki nusu kwa miaka 14 hivi. Lakini ile ndoto ya kununua kiwanja baada ya miaka sita wameifuta daftarini, na mchango wa kila mwezi wameuongeza.