Dua Ndani ya Kadi ya Krismasi: Kauli ya Kumwombea Mgonjwa

Kadi ya Krismasi huja ikiwa imekwisha kusema. Kiwandani imepigwa chapa ya kumtakia mpokeaji heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye fanaka, na mara nyingi picha yake ni ya kengele, nyota au mishumaa. Inapopelekwa kwa mtu aliyelala kitandani, maneno hayo hayamtoshi, na pengine humkera, kwa kuwa humwamuru afurahi siku ambayo hata uji haumpiti kooni. Kazi ya kulirekebisha jambo hilo huachiwa upande wa ndani wa kadi, pale penye nafasi ya mistari minne au mitano ya kalamu. Hapo ndipo jamaa huandika dua, na hapo ndipo Kiswahili cha wengi waliosoma huteleza.

Ichukuliwe kadi ya mfano inayotoka Kitengela kwenda Loitokitok, chini ya mlima Kilimanjaro, mwezi wa Disemba. Mwandikaji ni kijana. Mgonjwa ni shangazi yake, Mmaasai ambaye Kiswahili anakisikia vyema lakini hakisomi. Kadi itasomwa kwa sauti na mjukuu, mbele ya watu wa nyumbani. Kijana ameandika hivi: "Ee Mungu, mponye shangazi yetu na upate nafuu haraka. Pumzika kwa amani ya Bwana. Mungu atakuponya kabla ya mwaka mpya." Nia ni njema kabisa. Hata hivyo, karibu kila sentensi ina kasoro yake.

Kasoro ya kwanza ni ya nafsi. Sentensi inaanza kwa kumwita Mungu, na kitenzi "mponye" kinamtaja mgonjwa kwa kiambishi cha nafsi ya tatu. Mara "upate" inafuata. Kisarufi, anayeambiwa apate nafuu sasa ni yule yule aliyeitwa mwanzoni, yaani Mungu. Msomaji mwenye huruma ataelewa, lakini msikilizaji atahisi kwamba uso wa msemaji umegeuka ghafla. Njia zilizo safi ni mbili. Mtu aweza kumwelekea Mungu mpaka mwisho: "Ee Mungu, mponye shangazi yetu, naye apate nafuu." Au aweza kumwelekea mgonjwa: "Mungu akuponye, nawe upate nafuu." Njia ya kwanza ni ya ibada, na mgonjwa huwa kama anayesikia habari zake zikizungumzwa. Ya pili humtazama machoni. Kwa kadi, ambayo jina la mgonjwa limeandikwa juu ya bahasha yake, ya pili ndiyo inayofaa zaidi.

Kasoro ya pili ni ya msamiati, nayo ndiyo nzito. "Pumzika kwa amani" ni maneno ya kaburini. Kuongeza "ya Bwana" hakuyaondolei harufu ya udongo. Kijana alimaanisha mapumziko ya mwili na utulivu wa moyo, lakini maneno yakishazoea matanga hayarudi nyumbani kwa urahisi. Hatari ya namna hiyo imo pia katika "Mungu akurehemu". Kamusi haina kosa na neno hilo, kwani kurehemu ni kuonea huruma. Lakini "marehemu" ni wa mzizi huo huo, na sikio la mgonjwa lina kasi kuliko kamusi. Badala yake Kiswahili kina "akujalie afueni", "akupe nafuu", "akurudishie nguvu". Inafaa kukumbuka kwamba nafuu na kupona si kitu kimoja: nafuu ni maumivu kupungua, kupona ni ugonjwa kuondoka. Mwenye maradhi ya kudumu huweza kuombewa nafuu kila siku bila ya kudanganywa.

Ndipo yanapokuja maneno "atakuponya kabla ya mwaka mpya". Kiambishi -ta- kinamfanya mwandikaji kuwa nabii. Wapo watakaosema kwamba imani hudai usemi wa namna hiyo, na kwamba dua yenye shaka si dua. Hoja hiyo ina uzito mimbarini, ambako mhubiri yupo na aliyesikia aweza kumwendea kesho. Kadi haina mtu wa kuulizwa. Huwekwa juu ya kabati na kusomwa tena mwezi wa Februari, tarehe iliyoahidiwa ikiwa imepita na mgonjwa yu pale pale. Kiswahili kimempa mwombaji kitenzi kinachoishia kwa -e, "akuponye", chenye tumaini lote bila ya ahadi hata moja. Hiyo si shaka. Ni kumwachia Mungu neno la mwisho. (Vitenzi vya asili ya Kiarabu kama "bariki" na "jalia" havifanani hapa: "akujalie" hubadilika, ilhali "akubariki" hubaki na -i yake, na ombi hujulikana kwa kukosekana kwa kiambishi cha wakati.)

Neno "haraka" nalo lina lake. Limeingia katika kadi za Kiswahili kwa kuzifuata kadi za Kiingereza, zinazomhimiza mgonjwa apone upesi kana kwamba amechelewa kazini. Wasemaji wa Kiswahili wana "ugua pole". Ni kauli ya ajabu ikitazamwa vyema: haimwamuru mtu apone, inakubali kwamba anaugua, na inaomba kuugua kwenyewe kuwe kwa upole. "Pole" hapo ni neno la kufariji na pia ni mwendo, kama katika "polepole". Maneno mawili tu, na hayajawahi kumharakisha mtu.

Kuna jambo jingine ambalo Loitokitok yenyewe inalidai. Katika desturi ya Kimaasai, baraka hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mtoto huinamisha kichwa, mzee akamgusa. Na wazee wanapoomba, mmoja hutamka vifungu vifupi, na waliopo huitikia kila kifungu kwa "Naai", wakimtaja Enkai. Kijana anayemwandikia shangazi yake "nakubariki" anaupindua mpangilio huo. Akiandika "Mungu akujalie", anabaki mahali pake, maana mtendaji ni Mungu. Akiandika kwa vifungu vifupi, anawapa wasikilizaji nafasi ya kuitikia, wawe ni wa "Naai" au wa "Amina". Sentensi ndefu yenye "ambaye" tatu haiitikiki.

Kwa hiyo dua ile ile ingeweza kuandikwa hivi:

"Ugua pole, shangazi.
Mungu akujalie usiku mwepesi.
Maumivu yapungue, chakula kikurudie ladha.
Sauti yako isikike tena uani.
Nasi tukija Pasaka, utupokee, utubariki."

Maombi yake ni madogo: usingizi, ladha, sauti. Mtu anayeugua huyapima mambo hayo kila asubuhi, na likitimia moja atajua. Pasaka imetajwa kama siku ya wageni kufika, haikutajwa kama siku ya kupona. Hata akiwa bado kitandani, aweza kuwapokea. Na kifungu cha mwisho kinamrudishia shangazi cheo chake. Tangu alipolala amekuwa mtu wa kuombewa, kulishwa na kugeuzwa. Hapo anaambiwa kwamba wapo vijana wanaosubiri mkono wake juu ya vichwa vyao. Mjukuu akifika kwenye neno "utubariki", haitashangaza shangazi akianza kuwabariki papo hapo, bila ya kuingoja Pasaka.